UZI: Hesabu zote mbili zilikaguliwa na kusainiwa, lakini kebo haikulingana na mota ya pampu. Faili la mahesabu lipangweje?

Mbuni wa Zamu

Wahandisi wenzangu, naomba mnisaidie kufikiri kuhusu jambo lililotokea katika kazi yetu ya usanifu wa mitambo na umeme. Sitafuti wa kumlaumu, kwa sababu kila aliyehusika alifanya kazi yake kwa uaminifu, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi.

Kifurushi chetu kilikuwa na pampu ya kupandisha maji hadi kwenye tangi la juu. Hesabu ya pampu, tuliyoipa namba M-03, ilianza na mtiririko wa lita 20 kwa sekunde na kimo cha kusukuma cha mita 45. Ukizidisha uzito wa maji, mtiririko na kimo, unapata nguvu ya maji ya kilowati 8.8. Ufanisi wa pampu ulikuwa asilimia 68, hivyo nguvu kwenye shafti ikawa kilowati 13, na baada ya kuongeza akiba ya asilimia 15 tuliyokubaliana mwanzoni mwa kazi, mota ya kilowati 15 ikatosha. Upande wa umeme ukapokea namba hiyo na kuandaa hesabu E-07: ampea 28, kebo ya shaba ya milimita 6 za mraba, urefu mita 120, kushuka kwa volti asilimia 4.6, huku kikomo tulichojiwekea kikiwa asilimia 5. Kila kitu kilikuwa sawa.

Baadaye tangi lilipandishwa na bomba likapunguzwa kipenyo, na kimo cha kusukuma kikafika mita 58. Mwenzetu wa mitambo alirekebisha M-03 ipasavyo. Nguvu ya shafti ikawa kilowati 16.7, na kwa akiba ileile zikahitajika 19.2. Mota ya kilowati 18.5 haikutosha, kwa hiyo akachagua ya 22 na kusahihisha jedwali la mitambo. Hesabu yake ilikaguliwa na kusainiwa.

E-07 ilibaki na kilowati 15. Nayo ilikaguliwa na kusainiwa, tena wiki mbili baada ya M-03 kurekebishwa. Kosa liligunduliwa na mkandarasi alipokuwa akilinganisha jedwali la mitambo na jedwali la kebo ili aagize vifaa. Kwa mota ya kilowati 22 mkondo ni takriban ampea 40, na kebo ile ingeshusha volti kwa asilimia 6.7.

Swali langu ni hili: faili la mahesabu lipangweje, na mkaguzi huru apewe nini na afanye nini, ili kosa la namna hii lisipite? Mkaguzi wetu hakukosea hesabu hata moja.

Fundi wa Saiti

Pole sana, mkuu. Kwa uzoefu wangu dawa ni upimaji kabla ya kukabidhi. Pima ukinzani wa insulesheni ya kebo, washa pampu, soma ampea kwa klampu mita na upime volti kwenye vituo vya mota wakati inafanya kazi. Kebo ikiwa nyembamba utaiona hapo hapo, kwa sababu volti itashuka na kebo itapata joto.

Mbuni wa Zamu

Ahsante, ndugu. Vipimo hivyo vimo katika utaratibu wetu wa makabidhiano na vitafanyika. Swali langu linahusu hatua ya nyuma yake, wakati bado tuko kwenye karatasi na hakuna kebo iliyonunuliwa. Kosa likisubiri klampu mita, kebo ya mita 120 itakuwa imeshalazwa na trei imeshafungwa.

Mzee wa Kalamu Nyekundu

Nimekagua mahesabu ya watu kwa miaka mingi, na kosa ulilolieleza nimelikuta mara nyingi kuliko kosa la kuzidisha au kugawanya. Niruhusuni nianze na faili, kwa kuwa mkaguzi huona kile tu ambacho faili linamwonyesha.

Mkaguzi wenu alipewa E-07 peke yake. Ndani yake aliona neno "mota kilowati 15", akahesabu mkondo, akapata ampea 28, akahesabu kushuka kwa volti, akapata kilekile kilichoandikwa. Alichokagua ni njia kutoka kwenye data ya kuanzia hadi kwenye jibu. Hakuna aliyempa nafasi ya kuuliza data yenyewe imetoka wapi, na yawezekana karatasi ilikuwa na "kilowati 15" bila chanzo chochote pembeni. Namba isiyo na chanzo mkaguzi hawezi kuikagua. Anaweza kuiamini au kuikataa tu.

Kwa hiyo, ukurasa wa kwanza wa kila hesabu uwe ukurasa wa mapokezi. Uoneshe kila kitu ambacho hesabu hiyo imekipokea kutoka nje, kimetoka kwenye hati gani, na hati hiyo ilikuwa toleo la ngapi siku ya kupokea. Ukurasa wa mwisho uoneshe jibu linakwenda wapi: mchoro gani, jedwali gani, na hesabu gani nyingine inalitegemea. Katikati ikae hesabu yenyewe. Watu wengi wanajitahidi sana katika sehemu ya katikati na kuziacha kurasa hizi mbili tupu, ilhali kosa lenu lilipita kwenye kurasa hizo mbili.

Kisha mwanzoni mwa faili lote iwepo orodha kuu, mstari mmoja kwa kila hesabu. Mstari wa E-07 ungesomeka hivi:

```
E-07 | Kebo ya mota, pampu P-1 | Toleo 1 | Inategemea: M-03 Toleo 1
M-03 | Pampu P-1               | Toleo 2 | Inategemea: mchoro wa tangi Toleo 3
```

Mtu yeyote anayejua kusoma, hata asiyejua umeme, anaona kwamba E-07 imesimama juu ya toleo ambalo halipo tena. Ukaguzi huo unachukua dakika chache kwa faili zima, na ndio ninaoufanya kabla ya kufungua hesabu yoyote. Mistari isipolingana, narudisha faili bila kukagua, kwa sababu kukagua hesabu iliyosimama juu ya data ya zamani ni kuipa saini isiyoistahili.

Eksel Moja

Naheshimu maelezo ya Mzee, lakini naona tunaongeza makaratasi. Sisi tuna lahajedwali moja ya ofisi kwa kebo zote. Mkaguzi anafungua lahajedwali ileile, anaingiza data mwenyewe kutoka jedwali la mitambo, na anaangalia kama jibu linafanana na la msanifu. Yakifanana, hesabu ni sahihi. Kwa utaratibu huo angeingiza kilowati 22 na kosa lingeonekana mara moja. Tatizo la mkaguzi wenu ni kwamba alisoma badala ya kuhesabu upya.

Nahau ya Ampea

Eksel Moja, nusu ya unachosema ni kweli, na nusu hiyo ni ya maana: mkaguzi achukue data mwenyewe kutoka kwenye chanzo, asiipokee kutoka mkononi mwa anayemkagua. Hilo peke yake lingemwokoa Mbuni wa Zamu. Nusu ya pili ina hatari ambayo iliwahi kunipata, nami nitaieleza kwa namba zilezile za uzi huu.

Lahajedwali ya ofisi niliyokuwa nikifanya kazi ilitumia kanuni ya kawaida ya kushuka kwa volti:

```
ΔU = √3 × I × L × (R cosφ + X sinφ)
```

Kanuni iko sawa. Lakini ile R ilikuwa imechukuliwa moja kwa moja kutoka jedwali la watengenezaji wa kebo, na jedwali hilo linatoa ukinzani wa shaba ikiwa na joto la nyuzi 20. Kwa kebo ya milimita 6 za mraba ni omu 3.08 kwa kilomita. Kebo yenye insulesheni ya pivisi inaruhusiwa kufika nyuzi 70 ikibeba mzigo wake kamili, na kwa joto hilo ukinzani huongezeka kwa karibu asilimia 20, ukawa omu 3.69. Chukueni ampea 28 na mita 120: kwa nyuzi 20 mtapata volti 15.5, yaani asilimia 3.9, kwa nyuzi 70 mtapata volti 18.4, ambazo ndizo asilimia 4.6 za Mbuni wa Zamu. Yeye alihesabu vizuri.

Sasa refusheni kebo hiyohiyo iwe mita 140. Lahajedwali yetu ingesema asilimia 4.5 na kupitisha. Hesabu ya kebo yenye joto ingesema asilimia 5.4 na kukataa. Msanifu na mkaguzi wote wawili wangetumia lahajedwali ileile, wangepata 4.5, wangefurahi kwamba majibu yanafanana, na wangesaini. Kufanana kwa majibu kungethibitisha tu kwamba wote wawili wamebonyeza vitufe vilevile.

Ndiyo maana mkaguzi huru anapaswa kufika kwenye jibu kwa njia nyingine, hata kama ni fupi na ya kukadiria. Mimi hukagua kushuka kwa volti kwa kalamu, kwa ukinzani wa kebo yenye joto, bila kujali sehemu ya X kwenye kebo nyembamba kwa kuwa ni ndogo mno. Nikipata namba iliyo karibu na ya msanifu, nimeridhika. Zikiachana kwa zaidi ya asilimia 5 hivi, natafuta sababu kwanza, na simwambii msanifu kuwa amekosea hadi niipate.

Eksel Moja

Nakubali kuhusu joto, na kesho nitaifungua lahajedwali yetu kuangalia R imetoka wapi. Lakini siwezi kukubali kwamba kila kebo ikaguliwe kwa kalamu. Kazi yetu ya sasa ina kebo zaidi ya 200.

Nahau ya Ampea

Hakuna anayetaka hivyo. Lahajedwali yenyewe ikaguliwe mara moja kama hesabu, kwa kalamu, kwa mifano michache iliyochaguliwa ili igonge pembe zake: kebo fupi yenye mkondo mkubwa, kebo ndefu yenye mkondo mdogo, na moja iliyo karibu kabisa na kikomo. Ukaguzi huo upewe namba yake na uwekwe ndani ya faili, pamoja na toleo la lahajedwali. Mtu akibadilisha seli moja, toleo linabadilika na ukaguzi unarudiwa. Kwa kebo 200, kilichobaki ni kukagua data zilizoingizwa, na hapo ndipo makosa mengi yalipo.

Hewa Baridi

Salaam kwenu. Mimi ni wa upande wa mitambo, na naona mazungumzo yanaenda upande mmoja, kana kwamba mitambo hutoa namba na umeme hupokea. Kwetu kosa lilikuja kutoka upande wa pili.

Tulisanifu upoozaji wa chumba cha umeme chenye kifaa cha akiba ya umeme cha betri, mzigo wake kilowati 100. Wenzetu wa umeme walitupa ufanisi wa asilimia 96. Ukigawanya 100 kwa 0.96, kifaa kinavuta kilowati 104.2, kwa hiyo kilowati 4.2 zinabaki chumbani kama joto. Tukachagua kipoozi kwa kiasi hicho pamoja na joto la vitu vingine. Miezi baadaye kifaa kilibadilishwa kuwa cha aina nyingine chenye ufanisi wa asilimia 92. Kwa macho ya mtu wa umeme, kutoka 96 hadi 92 ni tofauti ya asilimia 4 tu, nayo haikubadilisha hata kebo yake. Kwetu joto lilipanda hadi kilowati 8.7, zaidi ya mara mbili. Hakuna aliyetuambia, na sidhani kama kuna aliyeficha. Hakuna aliyejua kwamba namba ile ilikuwa na maana kwetu.

Ukurasa wa mwisho anaousema Mzee, ule wa "jibu linakwenda wapi", ungetusaidia sana. Lakini nina swali. Kipoozi chetu nacho kinatumia umeme, kwa hiyo mzigo wake unarudi kwenye hesabu ya umeme. Hesabu yao inategemea yetu, na yetu inategemea yao. Orodha kuu itaonyesha kila moja imesimama juu ya toleo la zamani la mwenzake, na mzunguko hautaisha. Tunaukata wapi?

Mzee wa Kalamu Nyekundu

Swali zuri sana, nalo ndilo linalowafanya watu wengi waiache orodha baada ya mwezi mmoja.

Mzunguko hukatwa kwa kuweka kiasi cha akiba kilichokubaliwa kwa maandishi. Mwanzoni, kabla ya mtu yeyote kuwa na jibu, upande wa mitambo na upande wa umeme wanakaa pamoja na kuandika kwenye msingi wa usanifu, kwa mfano, kwamba joto la chumba cha umeme halitazidi kilowati 10, na kwamba umeme wa upoozaji wa chumba hicho hautazidi kilowati 5. Kuanzia hapo hesabu ya upoozaji inategemea msingi wa usanifu, haitegemei hesabu ya umeme. Hesabu ya umeme nayo hivyo hivyo. Mwishoni kila upande unaandika jibu lake halisi, na kazi ya mkaguzi ni kuthibitisha kwamba jibu halisi liko chini ya kiasi kilichokubaliwa. Likiwa juu, msingi wa usanifu unapewa toleo jipya, na wote wawili wanaona kwenye orodha kwamba wamebaki nyuma.

Kwa kesi yako, kilowati 4.2 na 8.7 zote zingekuwa chini ya 10 na hakuna ambacho kingeharibika. Gharama yake ni kipoozi kikubwa kidogo kuliko kinachohitajika, na hapo mwenye mradi ana haki ya kuuliza. Akiba ikiwa kubwa mno, tunajificha ndani yake.

Hewa Baridi

Nimekuelewa, na nadhani tungeweza kuanza hivyo hata kesho. Bado nina wasiwasi na akiba kupandana: sisi tunaongeza yetu, wenzetu wanaongeza yao juu yake, na jenereta linabeba zote.

Mzee wa Kalamu Nyekundu

Wasiwasi wako ni wa haki. Ninachodai ni kwamba kila akiba iandikwe mahali pamoja tu, yaani kwenye msingi wa usanifu, na iandikwe imewekwa kwa sababu gani. Asilimia 15 ya mota ya Mbuni wa Zamu, kwa mfano, ikishawekwa kwenye M-03 isiwekwe tena kwenye E-07 kwa jina lingine. Je, kiasi chake kiwe asilimia 10 au 15? Hapo wahandisi wazuri wanatofautiana. Angalieni: kwa asilimia 10, kilowati 16.7 zingekuwa 18.4, na mota ya 18.5 ingepita kwa nywele. Sijui kama ningeisaini.

Mhitimu Mpya

Samahani wakubwa zangu, naomba kuuliza jambo dogo. Nimepewa kazi ya kukagua kwa mara ya kwanza. Nikikuta kosa, nilirekebishe mwenyewe kwenye faili, au nimwambie aliyefanya? Mwenzangu ni mkubwa kwangu kazini, na naona kama kumrudishia karatasi ni kumkosea heshima.

Nahau ya Ampea

Mdogo wangu, usilirekebishe hata kama ni herufi moja. Ukiligusa, umegeuka kuwa msanifu wa sehemu hiyo, na hapo hakuna tena mtu aliyeikagua.

Chapisha nakala ya hesabu kwa karatasi, au fungua nakala yake kwenye skrini, na uweke rangi. Utaratibu uliozoeleka katika ofisi nyingi ni njano kwa kila namba na kila neno ulilolithibitisha, na nyekundu kwa unalolipinga au kuliuliza. Namba isiyo na rangi ni namba ambayo hujaiangalia, na mtu yeyote anaiona. Nyekundu iandikwe kama swali lenye namba, mfano: "Swali la 3: kilowati 15 zimetoka wapi? Jedwali la mitambo linasema 22." Msanifu anajibu kwa maandishi kando yake, ama amerekebisha ama anaeleza kwa nini amebaki na alichoandika, na wewe ndiwe unayelifunga swali ukiridhika. Nakala hiyo yenye rangi inabaki ndani ya faili nyuma ya hesabu safi. Saini bila nakala yenye rangi haituambii ulitazama nini.

Kuhusu heshima, swali lililoandikwa kwa adabu halimvunjii mtu heshima. Anza na "naomba kuelewa" na uandike namba ya ukurasa.

Mhitimu Mpya

Ahsante sana, dada. Na mkishindwa kuelewana?

Nahau ya Ampea

Linapanda kwa mhandisi mwenye kifurushi, naye anaamua na kuandika sababu. Hapa Mzee na mimi hatukubaliani: yeye anaamini mkaguzi anaweza kukataa kusaini hata baada ya uamuzi huo. Mimi naona asaini, lakini pingamizi lake libaki limeandikwa juu ya saini.

Mzee wa Kalamu Nyekundu

Ni kweli hatukubaliani. Saini yangu inasema nimeridhika, na nisiporidhika siwezi kuiweka. Asaini aliyeamua.

Mbuni wa Zamu

Ndugu zangu, nimesoma yote kwa makini. Leo nimekaa na wenzangu wawili na tumeandika orodha kuu ya faili letu kutoka mwanzo. Tulikuta hesabu 41. Mistari mitatu haikulingana: E-07 tuliyoijua tayari, hesabu ya jenereta iliyokuwa bado inabeba kilowati 15 za pampu hiyohiyo, na hesabu moja ya feni ambayo mchoro wake wa mifereji ya hewa umeshabadilika mara mbili. Ile ya jenereta ilinishtua, kwa sababu tulikuwa tumeridhika kwamba kosa ni moja.

E-07 nimeirudia mwenyewe. Kwa ampea 40 nimechukua kebo ya milimita 10 za mraba, ambayo ukinzani wake ukiwa na joto ni omu 2.19 kwa kilomita, na kushuka kwa volti kumekuwa volti 16, yaani asilimia 4. Kwa uwezo wa kubeba mkondo pia inapita, hata baada ya kupunguza kwa joto la hewa la nyuzi 40. Naomba Nahau ya Ampea anisaidie kuikagua kwa kalamu, kama ana nafasi.

Nahau ya Ampea

Nimeihesabu na nimepata asilimia 4 kama wewe. Namba naziwekea njano. Lakini nina nyekundu moja kwenye ukurasa wa mapokezi, na ni kubwa kuliko namba zote.

Mota hii inawashwaje? Kwa kilowati 15 wengine huwasha moja kwa moja. Kwa 22 wengi hugeukia sta-delta. Kama ni sta-delta, na kiwashio kiko kwenye paneli badala ya kuwa kando ya pampu, basi kutoka paneli hadi kwenye mota zinakwenda nyaya sita, yaani kebo mbili za nyaya tatu. Kila waya unabeba mkondo wa koili tu, ambao ni 40 ukigawanywa kwa mzizi wa 3, yaani ampea 23. Kanuni uliyotumia ni ya nyaya tatu, kwa hiyo haihusiki tena. Koili moja inalishwa kwa waya mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, na ukihesabu hivyo kwa ile kebo ya milimita 6 unapata volti 17.8, asilimia 4.4. Kebo ya kwanza inapita, ila zinatakiwa mbili, na trei inabeba kebo moja zaidi ambayo nayo lazima ihesabiwe katika kupunguza uwezo kwa msongamano.

Kwa hiyo, kabla hatujasema kama kebo ni ya 10 au ni mbili za 6, ukurasa wa mapokezi unahitaji mstari unaosema njia ya kuwasha na mahali kiwashio kilipo. Sijauona kwenye maelezo yako.

Mbuni wa Zamu

Haumo. Nimefungua M-03 toleo la 2 na jedwali la mitambo sasa hivi, na vyote viwili vinasema "mota kilowati 22" bila njia ya kuwasha. Wa mitambo alidhani sisi ndio tunaoamua, nasi tulidhani imo kwenye jedwali lake.

Hewa Baridi

Kwetu pia safu hiyo haipo kwenye jedwali. Na kwa mota inayobadilishiwa kasi kwa kifaa cha kielektroniki itakuwa habari nyingine tena, kwa sababu kifaa hicho kitarudisha joto kwenye chumba changu.

Mzee wa Kalamu Nyekundu

Basi andikeni hilo kwenye msingi wa usanifu kabla ya kugusa E-07, na baada ya hapo jenereta ndilo lifuate, kwa kuwa mkondo wa kuwasha utaliathiri kuliko utakavyoiathiri kebo. Mota ya ampea 40 ikiwashwa moja kwa moja inaweza kuvuta mara 6 au zaidi. Kwa sta-delta, theluthi ya hapo.

Mbuni wa Zamu

Nimeiweka E-07 kuwa "imesimamishwa", toleo la 2 halitatoka hadi safu ya njia ya kuwasha ijazwe kwa mota zote 14 za jedwali. Hesabu ya jenereta nayo nimeisimamisha. Mkandarasi nimemwandikia asiagize kebo ya pampu. Kuhusu nani asaini mkishindwa kuelewana, ofisini kwetu tumegawanyika vilevile kama ninyi wawili, na tutalijadili Jumatatu.